Saa Saba za Nane Nane: Ujira wa Zamu ya Usiku na Safari Yake Vitabuni

Chukua kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro, chenye wafanyakazi wanane wanaolipwa kwa saa. Mwokaji mmoja anaingia kazini Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, saa 4 usiku. Anakanda unga, anaumua, anaoka, na anatoka Ijumaa saa 2 asubuhi, mikate ikiwa tayari iko madukani. Ijumaa hiyo ni tarehe 8 Agosti, Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mwisho wa mwezi karatasi za mahudhurio zinafika mezani kwa mhasibu, na swali linazuka: mwokaji huyu amefanya kazi saa ngapi za sikukuu?

Msimamizi wa zamu atasema hakuna hata moja. "Huyu kaingia Alhamisi, mama, sikukuu inamhusu nini?" Mwokaji mwenyewe atasema zote tisa, maana alfajiri ya Nane Nane ilimkuta mbele ya tanuri. Wote wawili wamekosea. Jibu ni saa saba, na njia ya kulipata ndiyo inayotenganisha orodha ya mishahara iliyo sawa na ile itakayozaa ugomvi.

Tuanze na sheria, maana hapa hakuna cha kubahatisha. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asinakili tarakimu hizi bila kuitazama ile ya kwao. Kwa Bara, saa za kawaida za kazi hazizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Zinazozidi hapo ndizo saa za ziada, zile ambazo kila mtu huziita ovataimu. Hazifanyiki ila kwa makubaliano, hazipaswi kuvuka saa 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, na hata ukiwa na oda ya mikate elfu huruhusiwi kumweka mtu kazini zaidi ya saa 12 kwa siku ukijumlisha na hizo za ziada.

Malipo yake ni haya. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Saa ya kazi katika sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili. Saa ya usiku, ambayo kisheria ni ile iliyo baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi. Halafu kuna kipengele ambacho wengi hawakisomi hadi mwisho: ikiwa saa hiyo ya usiku ni ya ziada pia, asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha saa ya ziada, si juu ya kile cha kawaida. Hivi vyote ni viwango vya chini. Mkataba au makubaliano na chama cha wafanyakazi yanaweza kutoa zaidi. Hayawezi kutoa pungufu.

Ujira wa msingi ni ule wa kazi ya saa za kawaida, bila posho. Nauli, chakula na posho ya nyumba haviingii katika hesabu ya saa, labda mwajiri aamue mwenyewe kuwa mkarimu. Kwa anayelipwa kwa saa kiwango kimeandikwa katika mkataba wake, na shida huwa ndogo. Shida huwapata wa mwezi. Kwao sheria imeweka kigawanyo: mshahara wa mwezi hugawanywa kwa saa za kawaida za wiki zilizozidishwa kwa 4.333. Kwa wiki ya saa 45 hiyo ni kama saa 195. Mshahara wa shilingi 468,000 unatoa shilingi 2,400 kwa saa. Kuna ofisi hugawanya kwa siku 26 mara saa tisa, yaani 234, wakapata shilingi 2,000. Hapo mfanyakazi amepunjwa shilingi 400 kabla hata hajaingia kwenye saa ya kwanza ya ziada, na zidisho la mara moja na nusu linaikuza hasara hiyo.

Mwokaji wetu tumpe hiyo hiyo shilingi 2,400. Kwa hesabu rahisi, saa yake ya ziada ni shilingi 3,600 na saa yake ya sikukuu ni shilingi 4,800. Nyongeza ya usiku ni shilingi 120 kwa saa ya kawaida, na shilingi 180 kwa saa ya ziada.

Zamu yake ni kutoka saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi, na katikati ana mapumziko ya saa nzima, saa 8 hadi saa 9 usiku. Sheria inataka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, na mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama mfanyakazi ametakiwa kuendelea na kazi au kukaa tayari kwa kazi wakati huo. Hilo si jambo dogo kwa waokaji. Mtu anayeambiwa apumzike lakini "aangalie tanuri kidogo" hajapumzika, na saa yake inalipwa. Wetu ana mwenzake wa kumshika zamu, kwa hiyo ana saa tisa za kulipwa kila usiku. Kati ya hizo, saba ziko kabla ya saa 12 asubuhi na zina nyongeza ya usiku. Mbili za mwisho ni za mchana, hata kama usingizi umemjaa machoni. Anafanya kazi usiku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa zake 45 zinatimia bila kubaki wala kuzidi.

Sasa turudi kwenye Nane Nane. Sheria inasema malipo ya mara mbili ni kwa kila saa iliyofanyiwa kazi katika siku hiyo. Haizungumzii zamu, inazungumzia saa na siku, na siku ya kalenda huanza saa 6 usiku. Kwa hiyo zamu iliyoanza Alhamisi inakatwa vipande viwili. Saa mbili za kwanza, kabla ya saa 6 usiku, ni za Alhamisi ya kawaida. Baada ya hapo kuna saa mbili hadi mapumziko, kisha tatu hadi saa 12 asubuhi, kisha mbili hadi saa 2 asubuhi. Jumla saba, zote za sikukuu. Usiku huo huo wa Ijumaa anaporudi kazini saa 4, saa mbili za mwanzo bado ni Nane Nane. Zilizobaki saba zimeangukia Jumamosi.

Ukizijumlisha, wiki ile mwokaji ana saa tisa za sikukuu: saba kutoka zamu ya kwanza na mbili kutoka ya pili. Tazama mtego uliojificha hapo. Mhasibu mvivu anayeihesabu zamu nzima kwa siku iliyoanzia atasema zamu ya Alhamisi si sikukuu, na ya Ijumaa ni sikukuu yote, saa tisa. Jibu ni lile lile! Kwa mfanyakazi aliyekuja usiku zote mbili, njia mbovu na njia sahihi zinatoa senti sawasawa, na kosa linaweza kuishi miaka bila kuonekana. Linafichuka kwa waliokuja usiku mmoja tu. Aliyefanya kazi Alhamisi na kupumzika Ijumaa anastahili saa saba za sikukuu, na njia mbovu inampa sifuri. Mwenzake aliyepumzika Alhamisi akaja Ijumaa anastahili saa mbili, na njia mbovu inampa tisa. Kwa hiyo ukitaka kupima mfumo wa mishahara wa kiwanda chochote chenye zamu za usiku, usichukue karatasi ya mfanyakazi wa kudumu asiyekosa siku. Chukua ya yule aliyekosa zamu moja karibu na sikukuu.

Sehemu ya tatizo inaanzia kwenye rejista yenyewe. Msimamizi anaandika "usiku wa Ijumaa", na kwa watu wengi, hasa wenye asili ya pwani, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa kijana wa ofisini ni usiku unaofuata Ijumaa mchana. Dawa ni kuandika tarehe na saa ya kuingia, na tarehe na saa ya kutoka, kwa mtindo wa saa 24 kama simu zinavyoonyesha: 07/08 22:00, 08/08 08:00. Wanaotumia jedwali la kompyuta watakutana na tatizo jingine: ukitoa 22:00 kutoka 08:00 jibu linakuwa hasi na kisanduku kinajaa alama za reli. Fomula hii inavuka saa sita usiku bila taabu, ikiwa saa ya kuingia iko B2, ya kutoka C2, na saa za mapumziko D2:

```
=MOD(C2-B2,1)*24-D2
```

Fomula hiyo inatoa jumla ya saa tu. Haijui sikukuu wala usiku. Hayo unayagawa mwenyewe katika safu nyingine.

Tuongeze na saa za ziada. Jumamosi ile mteja mmoja alihitaji mikate ya shughuli kwa Jumapili asubuhi, na mwokaji akakubali kuja saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Saa zake 45 za wiki zilikwisha timia, kwa hiyo zote nne ni za ziada, na zote ni za usiku. Kila moja ni shilingi 3,600 na nyongeza ya 180, jumla 3,780. Kama angezifanya Jumamosi mchana zingekuwa 3,600 kavu. Mapumziko yake ya wiki hayakuguswa, maana alitoka Jumapili saa 8 usiku na hakurudi hadi Jumatatu saa 4 usiku, muda mrefu kuliko saa 24 ambazo sheria inadai. Kama kazi ingeingia ndani ya mapumziko hayo ya wiki, kila saa ingelipwa mara mbili, si mara moja na nusu.

Namna bora ya kuandika hesabu hii ni kuitenga saa yenyewe na nyongeza zake. Saa moja huhesabiwa mara moja tu. Juu yake ndipo nyongeza hupandana. Mwokaji ana saa 45 za kawaida kwa shilingi 2,400, yaani 108,000. Saa tisa za sikukuu tayari zimo ndani ya hizo 45, kwa hiyo kinachoongezwa ni ile nusu ya pili tu, 2,400 mara tisa, shilingi 21,600. Anayeandika tena 4,800 mara tisa bila kuziondoa katika 45 amelipa mara tatu, na kosa hilo ni la kila siku. Nyongeza ya usiku ni saa 35 kwa shilingi 120, yaani 4,200. Saa nne za ziada ni 14,400, na nyongeza yake ya usiku ni 720. Wiki nzima imekuja shilingi 148,920.

Angalia kwamba katika saa za usiku za Nane Nane nimebaki na shilingi 120, sikupiga asilimia 5 juu ya 4,800. Sheria inaikuza nyongeza ya usiku pale tu saa inapokuwa ya ziada. Kwa sikukuu haikusema hivyo, na asilimia 5 inabaki juu ya ujira wa msingi. Saa ya usiku wa sikukuu kwa mwokaji wetu ni 4,920. Mwajiri akitaka kulipa 5,040 hakatazwi na mtu, ila aiandike katika mkataba ili mwaka ujao isije ikageuka kuwa hisani iliyosahaulika.

Sehemu iliyobaki ya Agosti ilikuwa ya kawaida. Alifanya usiku mwingine 16, saa 144 kwa jumla, zenye thamani ya shilingi 345,600, na nyongeza ya usiku ya saa 112 ambayo ni shilingi 13,440. Ukichanganya na wiki ya Nane Nane, mwezi mzima unasimama hivi: ujira wa msingi 453,600, nyongeza ya usiku 18,360, saa za ziada 14,400, nyongeza ya sikukuu 21,600. Jumla ghafi ni shilingi 507,960.

Kabla ya kwenda mbali, mhasibu mwangalifu hupiga hesabu moja ya kurudi nyuma. Katika ile 18,360 anatoa 720 ya saa za ziada, inabaki 17,640. Anaigawanya kwa 120 anapata saa 147, ambazo ni usiku 21 mara saa saba. Rejista inasema mwokaji alikuja usiku 21 wa kawaida. Zimekutana. Zisingekutana, angejua mapema kwamba kuna saa za mapumziko zilizolipiwa nyongeza, au zile saa mbili za asubuhi zimehesabiwa kama usiku.

Kutoka ghafi kwenda mkononi kuna makato mawili ya lazima. La kwanza ni mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambao kwa mfanyakazi ni asilimia 10 ya ujira ghafi, shilingi 50,796. Saa za ziada na nyongeza zote zimo. La pili ni kodi ya mapato ya ajira, PAYE, ambayo hupigwa baada ya kuondoa mchango huo. Inabaki 457,164. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi, na kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Kodi yake ni asilimia 8 ya 187,164, yaani shilingi 14,973. Anabeba nyumbani 442,191.

Hapo mfanyakazi hulalamika kwamba saa za ziada "zinaliwa na kodi". Kwa kiwango chake si kweli. Kwa kila shilingi 100 ya ziada anakatwa 10 za NSSF, ambazo ni akiba yake, na shilingi 7.20 za kodi. Malalamiko yanapata nguvu kwa wale ambao saa za ziada zimewavusha 520,000 baada ya mchango, ambako kinachozidi hukatwa asilimia 20. Na hata hao hukatwa kwenye kilichozidi tu, si kwenye mshahara wote.

Mwajiri naye ana yake. Analipa NSSF asilimia 10 nyingine kutoka mfukoni mwake, 50,796, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ya ghafi, shilingi 2,540. Wenye wafanyakazi kumi au zaidi wana pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Kiwanda chetu cha watu wanane hakimo. Kwa hiyo mwokaji aliyepokea 442,191 amemgharimu mwajiri 561,296. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo sababu jarida la mishahara haliandikwi kwa kutazama kilichotoka benki.

Jarida linaandikwa tarehe ya mwisho wa mwezi, siku ambayo kazi imekwisha fanyika na deni limezaliwa, hata kama watu watalipwa wiki inayofuata. Kwa kawaida unaweka jumla ya wafanyakazi wote wanane katika ingizo moja. Hapa tunamwandika mmoja ili njia ionekane.

31 Agosti 2025
Debiti: Ujira wa msingi – 453,600
Debiti: Nyongeza ya usiku – 18,360
Debiti: Saa za ziada – 14,400
Debiti: Nyongeza ya sikukuu – 21,600
Krediti: NSSF inayodaiwa – 50,796
Krediti: PAYE inayodaiwa – 14,973
Krediti: Ujira unaodaiwa – 442,191

Pande zote mbili ni 507,960. Ingizo la pili, la tarehe hiyo hiyo, ni mzigo wa mwajiri peke yake:

Debiti: Mchango wa mwajiri NSSF – 50,796
Debiti: Mchango wa WCF – 2,540
Krediti: NSSF inayodaiwa – 50,796
Krediti: WCF inayodaiwa – 2,540

Siku ya malipo unadebiti ujira unaodaiwa na kukrediti benki, 442,191. PAYE inapelekwa TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na NSSF inapelekwa 101,592, yaani sehemu zote mbili pamoja. Kila malipo yanafuta deni lake, hayagusi tena gharama.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi. Katika biashara ndogo nyingi mwandishi wa vitabu husubiri pesa itoke, kisha anaandika gharama ya ujira 442,191. Baadaye anapolipa NSSF shilingi 101,592 anaiandika yote kama gharama ya NSSF, na kodi anaiandika gharama ya TRA. Jumla yake inaweza kukaribia ukweli, lakini kila akaunti peke yake ni uongo: ujira unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na mwajiri anaonekana analipia hifadhi ya jamii mara mbili ya wajibu wake. Mwingine anaandika ghafi vizuri, 507,960, halafu anaidebiti NSSF yote 101,592 kama gharama. Huyo amezidisha gharama kwa 50,796, maana sehemu ya mfanyakazi ilikuwa tayari ndani ya ghafi. Dalili ni rahisi kuiona. Fungua akaunti za madeni baada ya malipo yote ya mwezi kufanyika. NSSF, PAYE, WCF na ujira unaodaiwa zinatakiwa kusimama kwenye sifuri. Iliyobaki na salio inakuambia kosa liko wapi, na kiasi cha salio mara nyingi kinakuambia ni kosa gani: ukiona 50,796 imening'inia upande wa krediti, sehemu moja ya NSSF haijalipwa, au imelipwa ikaandikwa gharama.

Kwa nini nyongeza ziwe na akaunti zake na zisimezwe ndani ya ujira? Kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Nyongeza ya usiku haiepukiki. Mkate huokwa usiku ili uuzwe asubuhi, na hiyo ni gharama ya kila mkate, iingie katika bei. Nyongeza ya sikukuu inakuja mara chache kwa mwaka, na ningeshauri isitupiwe mikate ya siku ile peke yake, kwani mikate ya Nane Nane haina ubora zaidi ya ile ya Jumanne. Isambazwe kwenye gharama za uendeshaji za kipindi chote. Saa za ziada ndizo za kuchunguza. Zile nne za Jumamosi zilitokana na oda ya mteja mmoja, kwa hiyo ni halali zitozwe oda ile: 15,120, na juu yake asilimia 10.5 ya michango ya mwajiri, jumla 16,708. Mwenye kiwanda aliyepanga bei kwa kuwazia saa nne za shilingi 2,400 aliona 9,600 tu. Amejikata shilingi 7,108 kwenye mfanyakazi mmoja, na kama waokaji walikuwa watatu, oda hiyo ilikuwa sadaka.

Saa za ziada zisipokuwa na mteja nyuma yake, zikijirudia kila wiki, maana yake ni nyingine. Ama tanuri linaharibika na kazi inachelewa, ama mtu mmoja amepungua kwenye zamu. Akaunti ya saa za ziada inayopanda mwezi hadi mwezi huku mauzo yako pale pale inamwambia mwenye kiwanda kwamba mfanyakazi wa tisa angekuwa nafuu. Ikimezwa ndani ya ujira, hataona kitu.

Kwa mfanyakazi wa zamu, neno ni moja. Sheria inakupa haki ya kupata taarifa ya maandishi ya mshahara wako kila unapolipwa. Idai, na uhakikishe inaonyesha saa za kawaida, za ziada, za usiku na za sikukuu kila moja mahali pake, si jumla moja nono. Andika saa zako mwenyewe katika daftari, tarehe na muda wa kuingia na wa kutoka. Hesabu zisipokutana, anza na mwajiri. Na ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya namna hii ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukichelewa, itakubidi kwanza uombe ruhusa ya kusikilizwa nje ya muda.